Bajeti ya zawadi kwa mwenye kipato cha msimu: hesabu ya mafungu

Mshahara wa mwezi una kosa moja zuri: unamzuia mtu kujiona tajiri. Dereva wa watalii wa Arusha, mpagazi wa Moshi au mkulima wa kahawa hana kizuizi hicho. Mwezi wa Agosti anashika fedha nyingi kwa mkupuo, na siku hiyohiyo kadi ya mchango inamkuta, mpwa wake anaomba baiskeli, na yeye anaitikia yote. Aprili barabara za hifadhi zimejaa tope, magari yamepaki, na mtoto wa ubatizo anasubiri zawadi ya Pasaka. Tatizo lake si mkono mzito. Ni kwamba zawadi zake zinafuata siku fedha ilipoingia, wala hazifuati nani ni nani kwake. Aliyebahatika kuomba Agosti anapata, na aliyezaliwa Aprili anakosa kila mwaka.

Njia tunayoieleza hapa inatenganisha mambo hayo mawili. Kiasi cha mwaka mzima kinapangwa kwa kuangalia mwaka mbaya, kinagawanywa kwa mafungu kama nyanya za sokoni, kisha mfuko unajazwa kidogokidogo kila fedha inapoingia. Mfano tutakaoufuata mpaka mwisho ni wa dereva wa watalii asiye na ajira ya kudumu. Anaishi Sakina, Arusha, ana mke na watoto wawili, na kwao ni Marangu. Tarakimu ni zake. Weka zako mahali pake.

Anza na kilichofika mkononi

Chukua daftari na uandike miezi kumi na miwili iliyopita, kila mwezi mstari wake. Kama hukuwa unaandika, taarifa ya miamala ya simu na ya benki itakukumbusha sehemu kubwa, na tarehe za safari zitakukumbusha iliyobaki.

Andika kilicho chako tu. Hapa ndipo madereva wengi wanapojidanganya bila kujua. Fedha ya safari unayokabidhiwa na ofisi kwa ajili ya mafuta, viingilio vya hifadhi na malazi si kipato, hata kama imepita kwenye simu yako. Kipato ni posho yako ya siku na bahasha ya wageni. Bahasha ya dola iandike siku ulipoibadilisha, kwa shilingi ulizopewa dirishani, si kwa bei uliyoisikia kijiweni. Mpagazi naye aondoe nauli ya kufika getini na kukodi vifaa kama analipa mwenyewe.

Daftari la dereva wetu lilionyesha hivi. Januari na Februari, wageni wanapokwenda Ndutu kuangalia nyumbu wakizaa, aliingiza kama 900,000 kila mwezi. Machi ikashuka hadi 400,000. Aprili na Mei, masika yenyewe, zote mbili pamoja hazikuzidi 250,000. Juni ikafungua msimu kwa 800,000, Julai hadi Septemba kila mwezi ulivuka 1,200,000, Oktoba ikarudi 900,000, Novemba 300,000, na Desemba 900,000 nyingine kwa ajili ya wageni wa sikukuu. Jumla ya mwaka: 9,400,000.

Usipange kwa namba hiyo. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mwaka uliotangulia, na mmoja kabla yake ukiweza, kisha chukua ulio mdogo kuliko yote. Wa kwake ulikuwa 7,900,000. Huo ndio tutakaouita mwaka mkavu. Kama una kumbukumbu za mwaka mmoja tu, punguza sehemu moja ya sita, na utakuwa karibu na hali ya mwaka wa kawaida ulioenda vibaya. Wastani haufai kwa kazi hii. Kwa hesabu ya wastani, mwaka mmoja kati ya miwili utakukuta umeshaahidi usichokuwa nacho.

Zawadi ni mfuko mmoja, michango ni mwingine

Kutoka kwenye 7,900,000 ondoa yasiyokwepeka ya mwaka: kodi ya nyumba, chakula, ada na sare za Januari, bima ya afya, kuhuisha leseni. Kwa dereva wetu yalifika 6,700,000. Zikabaki 1,200,000.

Hiyo ndiyo fedha yake ya hiari kwa mwaka mzima, na inatakiwa kufanya kazi tatu: kuivusha nyumba masika, kujibu kadi za michango na misiba, na kutoa zawadi. Aliigawa sawasawa, 400,000 kwa kila kazi. Ukipenda kuweka zaidi kwenye akiba ya masika hatutabishana nawe. Ila usijaribu kuunganisha mafungu mawili ya mwisho, kwa sababu hayafanani tabia.

Zawadi unaichagua wewe: nani, lini, ya kiasi gani. Mchango unachaguliwa na wengine, una kadi yenye kima cha chini cha single na double, na una mweka hazina atakayekupigia. Rambirambi ndiyo kabisa, haitoi hata taarifa. Vikiwekwa mfuko mmoja, chenye sauti kubwa kitakula chenye sauti ndogo. Ikifika Desemba mfuko uko mtupu, umeishia kwenye send-off na kitchen party za watu wa mbali, na mama mzazi anapokea kilo mbili za sukari. Angalia miamala yako ya mwaka jana. Kama fedha iliyokwenda kwa watu usioweza kuwatembelea bila mwaliko inazidi iliyokwenda kwa wazazi wako, hilo ndilo lililokutokea.

Sasa geuza kiasi hicho kiwe asilimia. 400,000 ndani ya 7,900,000 ni takribani asilimia 5. Kwa hiyo kila shilingi 100,000 ikiingia, 5,000 inakwenda mfuko wa zawadi na 5,000 mfuko wa michango, siku hiyohiyo, kabla ya kulipa chochote. Bahasha ikiwa nono, mifuko inanona. Mwezi ukiwa mkavu, hudaiwi. Mkulima wa kahawa anafanya vilevile kwa malipo ya awali na ya pili kutoka chama cha msingi. Tofauti ni kwamba yeye anajaza mara mbili au tatu kwa mwaka badala ya kila wiki.

Fedha hii ikae mbali na ile ya matumizi. Laini ya pili ya simu inatosha. Kibubu cha mbao nacho kinatosha kama nyumba ni salama, na kina faida ya kutokatwa makato. Vikoba ni vizuri kwa akiba ya mwaka, lakini hesabu zake hufungwa kwa tarehe ya kikundi, wakati mtoto wa dada anazaliwa kwa tarehe yake.

Kugawa kwa mafungu

Watu wengi wakifika hapa huandika majina na kuweka kiasi mbele ya kila jina, kisha jumla inazidi mfuko, wanaanza kukata, na anayekatwa ni yule asiyelalamika. Anza na uzito kabla ya shilingi. Mpe kila mtu idadi ya mafungu kwa nafasi yake kwako, jumlisha mafungu yote, halafu ndipo ugawe fedha.

Orodha ya dereva wetu ilikuwa hii:

- Baba, mama, na mama mkwe ambaye ni mjane: mafungu 6 kila mmoja, jumla 18
- Mke: 6
- Watoto wake wawili: 3 kila mmoja, jumla 6
- Nyumba nne za ndugu, mbili upande wake na mbili upande wa mke: 2 kila nyumba, jumla 8
- Wapwa na watoto wa ndugu, saba: fungu 1 kila mmoja, jumla 7
- Mtoto wa ubatizo: 3
- Marafiki wanne: 2 kila mmoja, jumla 8
- Watu wanne wa kazini: 1 kila mmoja, jumla 4
- Wasiotarajiwa, kama mtoto atakayezaliwa au mgeni wa heshima: 5

Jumla mafungu 65. Asilimia 5 ya mwaka mkavu ni 395,000. Ukigawa kwa 65 unapata zaidi kidogo ya 6,000. Basi fungu moja ni 6,000, na mfuko wa mwaka ni 390,000. Mama anapata zawadi za 36,000 kwa mwaka, mtoto wa nyumbani 18,000, nyumba ya kaka 12,000, mpwa 6,000.

Ukiona 6,000 ni ndogo, usiongeze asilimia. Rudi kwenye orodha. Mara nyingi utakuta marafiki kumi na wawili waliowekwa kwa aibu, na kila mmoja wao anapunguza kitenge cha mama. Punguza majina ya nje kwanza. Mtu ambaye mwaka jana hukumpa kitu na hakuna aliyegundua hana sababu ya kuwa kwenye orodha, kumwandikia salamu kunatosha.

Mafungu ni ya mwaka, si ya tukio. Kama umempa mama mafungu mawili Pasaka, Desemba yamebaki manne. Andika kwenye daftari mbele ya jina lake, maana bila hivyo Desemba utampa sita tena.

Haki inapopimwa na ndugu

Kwenye jedwali yote yanaonekana sawa. Kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, mbele ya ndugu, kuna maswali matatu ambayo lazima yawe na jibu kabla ya kufika.

La kwanza ni upande wa mume na upande wa mke. Dereva wetu ana wazazi wawili hai na mkewe ana mmoja. Ukigawa kwa upande, mama mkwe anapata mafungu 12 peke yake na mama mzazi 6, na habari itafika Marangu kabla ya gari lako. Ukigawa kwa kichwa, upande wa mke unapata nusu ya upande wa mume, na mke ataliona hilo hata asiposema. Tunashauri kugawa kwa kichwa, kwa sababu ndiko kunakoelezeka kwa sentensi moja: kila mzazi anapata sawa. Ila mjane anayeishi peke yake ana mahitaji ambayo wazazi wawili wanasaidiana, na hayo yaingie kwenye matunzo ya kila mwezi, yasipitishwe kwenye zawadi. Zawadi inaonekana na watu wote. Matunzo hayaonekani. Ukirekebisha hali ya mtu kupitia kinachoonekana, unaanzisha mashindano.

La pili ni ndugu mwenye watoto wanne na mwenye mmoja. Hapa tumegawa kwa njia mbili kwa makusudi: watu wazima kwa nyumba, watoto kwa kichwa. Nyumba ya kaka mwenye watoto wanne inapata mafungu 2 na 4, jumla 6. Ya dada mwenye mmoja inapata 3. Dada halalamiki, kwa sababu mtoto wake amepata sawa na wenzake na yeye amepata sawa na kaka. Ukigawa kwa nyumba peke yake, watoto wanne watagawana kilicho cha mmoja, na watoto hulinganisha papo hapo, mbele ya babu. Kwa umri wa chini ya miaka kumi au zaidi kidogo, wape kitu cha aina moja kabisa, rangi tofauti tu. Thamani sawa kwa vitu tofauti haieleweki kwao, na kusema kweli haieleweki hata kwa baadhi ya mama zao.

La tatu ni ndugu mwenye uwezo kuliko wewe. Kaka aliyeko Dar mwenye mshahara mzuri hahitaji sukari yako, lakini kumruka ni kumtangazia kwamba unamhesabia mali. Abaki na mafungu yake 2, yawe kitu cha kwenu: ndizi, asali, kahawa iliyokaangwa. Na usijilinganishe na alichokuletea. Anayerudisha zawadi kwa thamani ileile aliyopewa ameshaingia kwenye bajeti ya mtu mwingine.

Kuna tukio moja linalovunja mpangilio huu wote, nalo ni kipaimara au komunio ya kwanza ndani ya ukoo. Mtoto mmoja ghafla anastahili zaidi ya fungu lake. Usichukue kwa wenzake. Tumia mafungu ya wasiotarajiwa, na weka kanuni kwamba kila mtoto wa ukoo atapewa nyongeza ileile zamu yake ikifika, tuseme mafungu 2. Andika majina ya watakaopata mwaka huu mara tu ukijua nani yuko darasa la mafundisho.

Watu wa kazini

Kazini kanuni ni fupi: kiasi sawa kwa wote, kidogo, na baada ya msimu. Fundi aliyelala chini ya gari lako Juni anastahili fungu moja sawa na mwosha magari. Wafanyakazi wengi wakiwa pamoja, afadhali muungane na kununua kitu kimoja, kila mtu akitoa kiasi kile kile bila kujali cheo.

Anayehitaji uangalifu ni mtu wa ofisini anayepanga nani aende safari ipi. Ukimpa kitenge cha mkewe mwezi wa Mei, wiki mbili kabla ya ratiba ya msimu, hiyo si zawadi, na madereva wenzako watakuwa na jina la kuiita. Mwakani itabidi utoe kikubwa zaidi kwa sababu kila mtu atakuwa ametoa. Mpe fungu lake Desemba, hadharani, sawa na wengine. Kwa mtumishi wa umma anayeshughulikia kibali au leseni yako, usimpe chochote wakati jambo lako liko mezani kwake: sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 haiangalii kama ulikifunga kwa karatasi ya maua.

Kadi za michango

Mfuko wa michango nao unaingiza asilimia 5, lakini hauna mafungu, kwa sababu hujui nani ataoa. Una kanuni mbili.

Ya kwanza: usiahidi zaidi ya robo ya kilichomo kwenye mfuko siku unapopewa kadi. Kama kuna 200,000, ahadi yako ni 50,000, na kadi ikisema single ni 70,000, mwambie mweka hazina mapema utatoa 50,000. Kamati zinazoea maneno hayo. Kisichozoeleka ni mtu aliyeandika 150,000 Agosti, akapigiwa hadi wiki ya harusi, akatoa 30,000. Ahadi kubwa isiyolipwa imeshaagiziwa vyakula, na aliyeiandika anakumbukwa kuliko aliyetoa kidogo siku ya kwanza. Ukipenda, lipa palepale: kiasi kidogo kilicholipwa kikao cha kwanza kinaisaidia kamati kulipia ukumbi.

Ya pili: 60,000 haziguswi na harusi yoyote. Ni za rambirambi na wagonjwa, na zikipungua zinarudishiwa kabla ya kadi inayofuata kujibiwa.

Ukishachangia harusi, zawadi ya ukumbini ifanyike pamoja na kundi lako, nyumba za ndugu au wenzako wa kazini, mkapanda mbele na kitu kimoja. Atakayekwenda na bahasha yake peke yake baada ya kuchangia amelipa mara mbili.

Kununua

Vitu visivyooza nunua Septemba na Oktoba, mfuko ukiwa umejaa na maduka hayajaanza bei za sikukuu: mablanketi, vitenge, sufuria, viatu vya watoto. Kwa nguo za watoto, mitumba ya sokoni ni chaguo zuri ukienda na vipimo vilivyoandikwa, kwa kuwa hakuna wa kukurudishia kisichoenea. Sukari, mchele na mafuta vingoje Desemba, kwani vikikaa nyumbani kwako Oktoba vitaliwa kwako.

Mafungu 6 ya mama, kwa bei alizozikuta dereva wetu sokoni, yalikuwa blanketi la 20,000, sukari kilo tatu kwa 9,000, na majani ya chai na mche wa sabuni kwa 7,000. Alipanga hivyo kwa sababu moja: sehemu kubwa iwe kitu kinachobaki, na ndogo iwe kinacholiwa wiki ileile. Kilo kumi na mbili za sukari zingekuwa na thamani ileile, na kufikia Januari zingeshagawiwa majirani wote.

Arusha hadi Moshi ni kilomita kama 80 tu. Anayetoka Dar hana budi kubeba vyote mara moja katikati ya msongamano wa Desemba. Wewe unaweza kupeleka vizito Novemba, siku usiyo na safari, ukabaki na mkoba mwepesi wa watoto.

Mbuzi wa sikukuu asiingie kwenye mafungu. Ni chakula cha ukoo, nyumba zote zichange sawa na mmoja anunue mapema, kwa sababu bei yake hupanda kadiri tarehe 25 inavyokaribia.

Zawadi za kutuma kwa simu zina mtego wake. Mpwa anayepewa 6,000 bila ya kutolea hapati 6,000. Makato yote, ya kutuma na ya kutoa, yatoke ndani ya fungu lake, siyo juu yake, ili daftari lisiharibike. Na kwa viwango vidogo namna hii, kumtumia mama mmoja fedha ya watoto wanne kwa muamala mmoja ni nafuu kuliko kutuma mara nne.

Tarehe mbili za kukagua

Kagua mfuko mara mbili: mwisho wa Julai na mwisho wa Oktoba.

Julai swali ni moja, je, msimu unakuja kama mwaka mkavu au chini yake? Katika ule mwaka wa 9,400,000 wa daftari, hadi Julai 31 zilikuwa zimeingia 4,600,000, yaani 230,000 za mfuko wa zawadi. Toa sehemu moja ya sita, inabaki kama 190,000. Hicho ndicho kipimo. Ukiwa juu yake, endelea. Ukiwa chini, punguza thamani ya fungu sasa hivi, usingoje Desemba.

Tuseme zimeingia 150,000. Hiyo ni kama nne kwa tano ya kipimo. Kipimo cha Oktoba kwa hesabu ileile ni 410,000 za mwaka huohuo ukitoa sehemu moja ya sita, kama 340,000. Basi hadi Oktoba tarajia nne kwa tano yake, yaani kama 270,000. Umeshatoa mafungu 20 kwa 6,000, sawa na 120,000. Zinabaki 150,000 kwa mafungu 45, na fungu linashuka hadi kama 3,300. Mama ambaye hajapata kitu atapata kama 20,000 badala ya 36,000, na kila mtu atashuka kwa kiwango kilekile. Inauma, lakini hakuna aliyeondolewa, na ukiulizwa unajibu kwa maneno manne: mwaka huu msimu umepungua. Kosa la kawaida ni kushusha wengine na kuwaacha wazazi palepale, au kuchukua mkopo wa simu kujazia. Mkopo wa zawadi wa Desemba hulipwa Januari, pamoja na ada.

Oktoba kuna kishawishi cha upande wa pili. Katika mwaka mzuri wa 9,400,000, hadi Oktoba 31 zimeingia 410,000. Yametoka mafungu 26, sawa na 156,000. Zimebaki 254,000, na mafungu 39 yaliyobaki yanahitaji 234,000 tu. Kuna ziada ya 20,000, na asilimia 5 ya Novemba na Desemba italeta 60,000 nyingine. Mkono utawasha kuongeza fungu. Usiongeze. Waliopewa Pasaka walipata fungu la 6,000, na wa Desemba hawana haki ya kubwa zaidi kwa sababu tu sikukuu yao inafuata msimu.

Ziada hiyo ya 80,000 iache kwenye mfuko ifungue mwaka mpya. Rudia sasa ile hesabu ya msimu mbaya ukiwa nayo: zile 150,000 zinakuwa 230,000, na fungu linashuka hadi 5,000 tu badala ya 3,300. Ziada ndiyo pia itakayolipia zawadi za Aprili na Mei, miezi ambayo mfuko unaingiza senti chache. Mwaka wako wa kwanza hutakuwa nayo, kwa hiyo mwaka huo usipange zaidi ya mafungu 14 kutoka kabla ya Juni. Zawadi za watu wa nyumbani kwako zisogeze mbele, wataelewa.

Januari, kabla ya kupiga mstari wa mwaka mpya, weka alama kwa kila jina lililomaliza mwaka bila kupata mafungu yake yote. Wakiwa watu walewale waliokosa mwaka jana, zawadi zao zipewe tarehe ya Julai au Agosti, mfuko ukiwa na kitu, hata kama hakuna sikukuu yoyote wiki hiyo.